Altrasaundi safi haimaanishi huna endometriosisi

Maumivu ya kawaida ya hedhi yana tabia zake, na ukizijua unaweza kuyatofautisha na mengine. Huanza saa chache kabla ya damu kutoka au sambamba nayo, hukaa chini ya kitovu, mara nyingine hushuka mapajani, na ikifika siku ya pili au ya tatu huwa yamekwisha. Yanasababishwa na prostaglandini, kemikali zinazotengenezwa kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ili misuli ibane na kuutoa utando huo. Ndiyo maana ibuprofeni, ambayo kazi yake ni kuzuia prostaglandini zisitengenezwe, huyatuliza kwa wanawake wengi.

Endometriosisi ni ugonjwa. Tishu inayofanana na ule utando huota nje ya mfuko wa uzazi: kwenye ovari, kwenye ngozi laini inayofunika viungo vya nyonga, nyuma ya kizazi, juu ya kibofu au kwenye utumbo. Homoni za kila mwezi huichochea, sehemu hiyo huvimba na kuuma, na baada ya muda hutengeneza makovu yanayoweza kugandanisha viungo. Inakadiriwa kuwa mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao, na bado katika nchi nyingi hupita miaka kadhaa, mara nyingi zaidi ya mitano, tangu dalili zianze hadi jina la ugonjwa lijulikane.

Miaka hiyo hupotea vipi? Sababu ya kwanza kila mtu anaijua: mama, shangazi na hata muuguzi humwambia binti kwamba chango ni la wanawake wote, avumilie, akizaa litaisha. Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo inawapoteza hata madaktari makini. Maumivu haya huja na kuondoka yenyewe kila mwezi. Mgonjwa huenda hospitali siku yakiwa makali, hupewa dawa yoyote ile, na baada ya siku tano hedhi inapokwisha maumivu hutulia. Dawa inaonekana imefanya kazi. Mwezi unaofuata yakirudi, watu husema ni ugonjwa uleule umejirudia, na dawa ileile inaandikwa tena.

Chukua mfano wa binti wa miaka 24. Hedhi yake ilianza akiwa na miaka 13, maumivu makali yakaanza akiwa na 15. Nyumbani na shuleni aliambiwa ni kawaida. Akiwa na 19 alianza kuumia anapokojoa wakati wa hedhi, akapewa antibiotiki za maambukizi ya njia ya mkojo zaidi ya mara moja, bila mkojo wake kuoteshwa maabara kuona kama kuna vijidudu. Kila mara alipona ndani ya wiki. Akiwa na 21 tumbo lilianza kujaa gesi, mara anaharisha, mara anafunga choo, akaambiwa ana matatizo ya utumbo. Akiwa na 22 akapigwa altrasaundi ya juu ya tumbo, jibu likaandikwa kwamba mfuko wa uzazi na ovari viko sawa, akarudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Hakuna aliyeona picha nzima. Aliyetibu mkojo hakuuliza habari za hedhi, na aliyetibu utumbo hakujua habari za mkojo.

Kinachoziunganisha dalili hizi ni kalenda, na kalenda anayo mgonjwa mwenyewe. Andika kila siku kwa miezi miwili au mitatu, si siku za hedhi tu. Hesabu siku ya kwanza ya damu kuwa siku ya 1. Kila siku andika maumivu ni mangapi kutoka 0 hadi 10, yako wapi hasa, kama yanakuja ukikojoa, ukienda haja kubwa au wakati wa tendo la ndoa, umekunywa dawa gani saa ngapi na ikasaidia kiasi gani, na umeshindwa kufanya nini. Hilo la mwisho watu huliruka, na ndilo lenye uzito mkubwa kwa daktari. "Naumwa sana" anaisikia mara nyingi kwa siku. "Nimekosa kazi siku mbili kila mwezi kwa miezi mitatu" inamlazimu aandike.

Daftari la yule binti lingesomeka hivi. Siku ya 14, maumivu 4, upande wa kushoto wa nyonga. Siku ya 25, maumivu 5, kiuno na chini ya tumbo, damu bado. Siku ya 28, maumivu 7, damu bado. Siku ya 1, maumivu 9, haja kubwa inachoma ndani kabisa karibu na njia ya haja, ametapika, hakwenda kazini. Siku ya 3, maumivu 8, bado haja inachoma. Siku ya 6, maumivu 3, haja haichomi tena.

Hapo mtu anayejua ugonjwa huu anaona mambo mawili mara moja. Maumivu yameanza siku nne kabla ya damu, mapema kuliko tabia ya chango la kawaida. Pia haja kubwa inachoma siku za hedhi tu, dalili inayomfanya daktari afikirie vidonda nyuma ya kizazi, pale kizazi kinapopakana na sehemu ya mwisho ya utumbo. Maambukizi hayafuati kalenda namna hiyo.

Wakati huohuo, hakikisha dawa ya maumivu imejaribiwa ipasavyo, maana kosa la kawaida ni kumeza kidonge kimoja maumivu yakishafika kileleni. Wakati huo prostaglandini nyingi zimekwisha kutengenezwa na dawa imechelewa kuzizuia. Kwa mtu mzima, ibuprofeni miligramu 400 humezwa pamoja na chakula mara dalili ya kwanza inapoanza, kisha kila baada ya saa 6 hadi 8 kwa siku mbili au tatu, bila kuzidi miligramu 1200 kwa siku pasipo maelekezo ya daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa za aina hii, au anayedhani ana mimba, asiitumie kabla ya kuuliza. Ukiitumia hivi kwa miezi mitatu na bado huwezi kuinuka kitandani, liseme kwa maneno hayohayo, pamoja na dozi. Lakini dawa ikikusaidia usihitimishe kwamba huna endometriosisi. Wapo wanaopata nafuu na ugonjwa upo.

Sasa tuje kwenye altrasaundi, inayowafungia wengi mlango. Ugonjwa huu una sura tatu. Upo unaotengeneza uvimbe wenye damu nzito ya kahawia ndani ya ovari; huu altrasaundi huuona vizuri. Upo unaochimba ndani ya tishu, kama kwenye kuta za utumbo au nyuma ya kizazi. Huu huonekana ikiwa mpimaji amefundishwa kuutafuta. Na upo wa vidonda vidogo vya juujuu, vingine vya milimita chache tu, ambavyo kwa kawaida altrasaundi haivioni, wala MRI haiaminiki kuviona. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa "hakuna tatizo" inasema kwamba hakuna uvimbe wala kitu kikubwa kilichoonekana. Haisemi zaidi ya hapo. Na udogo wa vidonda hauna uhusiano wa moja kwa moja na maumivu: mwenye vidonda vichache anaweza kuzimia kwa uchungu, na mwenye uvimbe mkubwa asijue lolote hadi atafute mtoto.

Omba altrasaundi inayopigwa kwa ndani, kupitia ukeni, na omba fomu iandikwe wazi kwamba inatafutwa endometriosisi. Jambo hilo dogo hubadilisha namna mpimaji anavyofanya kazi. Atasukuma kizazi taratibu aone kama kinateleza juu ya utumbo au kimegandana nao, na atauliza kifaa kinapogusa wapi ndipo panauma. Ambaye hajawahi kufanya tendo la ndoa, au hataki kipimo cha ndani, ana haki ya kukataa. Anaweza kupigwa ya juu ya tumbo au MRI. Kipimo cha damu cha CA-125 hakitoi jibu: kinaweza kupanda kwa sababu nyingine nyingi na kuwa sawa kwa mgonjwa, hivyo usikitegemee.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba ugonjwa hauwezi kutajwa mpaka mgonjwa afanyiwe laparoskopia, upasuaji wa matundu madogo ambapo kamera huingizwa tumboni. Wengi walingoja upasuaji huo miaka, bila tiba yoyote. Mwongozo wa mwaka 2022 wa ESHRE, chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, umeachana na msimamo huo. Dalili zikielekea huko, daktari anaweza kuanza matibabu ya homoni hata kama picha ni safi. Laparoskopia hubaki kwa ambao picha hazikuonyesha kitu, au tiba ya dawa haikusaidia au haiwafai.

Kwa binti wetu, hatua ya busara ingekuwa vidonge vya uzazi wa mpango vinavyomezwa mfululizo bila wiki ya kupumzika, au vyenye homoni ya projestini peke yake, kwa miezi mitatu hadi sita, huku daftari likiendelea. Mwanzoni matone ya damu yasiyo na mpangilio ni ya kawaida, na wengi huacha dawa hapo wakidhani imewadhuru. Maumivu yakishuka kutoka 9 hadi 3, hilo halithibitishi ugonjwa, kwa sababu homoni hutuliza hata chango la kawaida. Yasiposhuka, rudi na daftari uombe rufaa kwa daktari wa wanawake anayeshughulika na endometriosisi. Mkifikia upasuaji, uliza kabla: je, kipande kitapelekwa maabara, picha zitahifadhiwa, nami nitapewa ripoti? Vidonda vingine ni vyeusi, lakini vingine ni vyekundu, vyeupe au havina rangi, na jicho lisilozoea huvipita.

Usisubiri daftari wala miadi ikiwa maumivu yamekuja ghafla kuliko ulivyowahi kuyajua, una homa, unazimia, au hedhi imechelewa na tumbo linauma upande mmoja. Hayo ni ya dharura, na moja ya mambo ya kuangaliwa ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi.

Na ikiwa unatafuta mtoto, mwambie daktari siku ya kwanza kabisa. Dawa nyingi za homoni zinazotuliza ugonjwa huu huzuia au kuchelewesha mimba wakati unazitumia, na haziongezi uwezo wa kushika mimba, hivyo mpango wako utakuwa tofauti: dawa za maumivu zisizo za homoni, vipimo vya uzazi kwako na kwa mwenzi wako, na pengine upasuaji au upandikizaji mimba mapema kuliko ungeambiwa vinginevyo.