Ndani ya bahasha weka na karatasi

Jumapili iliyopita binti wa kaka yangu alinitumia picha. Mtungi wa gesi wa kilo 15, jiko la pleti mbili, na ukutani, kwa selotepu, karatasi ya daftari niliyoiweka kwenye bahasha yake siku ya sendofu mwaka juzi. Chini ameandika: "Shikamoo shangazi. Gesi imeisha leo, nimejaza tena. Karatasi yako bado ipo." Nilikuwa kwenye daladala, nikajikuta machozi yananitoka mbele za watu.

Sasa niwaambie kwa nini nililia, maana wengi mnaniuliza bahasha ya zawadi ya harusi inaandikwa nini.

Mwaka 2019 dada yake mkubwa aliolewa. Mchango wangu nilishautoa kwa kamati mapema na kadi yangu ya dabo nikapata. Lakini huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni, nikasema lazima nimpe na kitu cha mkono wangu. Nikachukua laki mbili kwenye mgao wa kikoba, nikaziweka kwenye bahasha ya kaki, na juu nikaandika hivi: "Hongera sana. Familia ya Mbagala. Tsh 200,000/=." Nikaona nimemaliza.

Baada ya wiki kama tatu ukaja ujumbe: "Tumepokea 200,000/= yako. Asante kwa mchango wako." Ujumbe huohuo, neno kwa neno, alitumiwa jirani yangu aliyetoa elfu thelathini. Mchango! Mchango ni wa ukumbi, chakula na mshereheshaji, na nilishautoa. Ile ilikuwa zawadi. Sikumwambia kaka yangu, sikumwambia binti, lakini iliniuma, na nikiwa mkweli, bado inaniuma. Ilinichukua miaka miwili kuelewa kwamba kosa lilianzia kwenye kalamu yangu.

Nilielewa siku nilipoitwa kwa jirani kusaidia kufungua zawadi, asubuhi ya siku ya pili baada ya harusi. Tulikaa mkekani wanawake watano, bahasha zimejaa kwenye beseni. Mmoja anachana, anatoa noti, anahesabu kwa sauti. Mwingine ana daftari la mistari: jina, kiasi. Bahasha iliyochanwa inatupwa kwenye mfuko wa taka. Wakati huo bibi harusi yuko chumbani amelala, amechoka. Mimi ndiye niliyekuwa nachana. Nilichana bahasha moja iliyoandikwa maneno mazuri kweli, mistari minne kwa mwandiko wa mtu mzima, na kidole changu kikapita katikati ya maneno yale. Jina likaandikwa, elfu hamsini ikaandikwa, maneno yakaenda kwenye mfuko. Hapo ndipo nilipomwona akilini binti wa kaka yangu, yule mkubwa, na daftari lake. Hakukuwa na kitu kingine cha kumfikia zaidi ya jina na hesabu, maana mimi mwenyewe sikuandika kingine.

Kwa hiyo la kwanza: maneno yasikae kwenye bahasha. Bahasha ni ya mwenye kuchana. Juu yake andika jina lako kamili na uhusiano wako, basi, ili mwenye daftari asikuchanganye na mtu mwingine. Kiasi usikiandike. Watakihesabu wenyewe. Maneno yaweke kwenye karatasi yake, ikunje peke yake, na upande wa nje wa mkunjo andika jina la bibi harusi na "Asome mwenyewe." Mwenye kuchana akikuta karatasi imefungwa kwa jina la mtu, anaiweka kando. Nimeshaliona hilo kwa macho yangu. Usizungushie noti kwa karatasi hiyo, kwa sababu atalazimika kuifungua ili ahesabu.

Karatasi iliyoko ukutani kwa yule mdogo inasema hivi:

"Mwanangu, ulipokaa kwangu ukisoma kidato cha tano, ulikuwa unaamka saa kumi na moja kuwasha jiko la mkaa ili nisiende kazini bila chai. Moshi ulikuwa unakutoa machozi na hukuwahi kulalamika. Nimekuwekea laki moja na nusu. Nilikuwa nawaza mtungi wa gesi, ili asubuhi zako zisiwe na moshi tena, lakini mkiwa na jambo lingine lililo mbele, litangulizeni hilo. Mumeo mwambie chai yako inahitaji tangawizi nyingi, ndivyo unavyoipenda. Mungu awape nyumba yenye amani. Shangazi yako, Mbagala."

Ni karatasi fupi, ila niliiandika mara tatu. Mara ya kwanza nilijaza dua tupu, "Mungu awabariki, awape watoto, awaepushe na mabaya," nikaisoma nikaona hii angeweza kuandika mtu yeyote kumpa bibi harusi yeyote. Dua ni nzuri na usiiache, lakini moja inatosha, tena mwishoni. Kinachomwambia mtu kwamba umemwaza ni lile jiko la mkaa. Tafuta jambo moja mlilolipitia, dogo, lenye saa yake na harufu yake. Ukikaa dakika kumi utalipata.

Mara ya pili nilikuwa nimeandika "nunueni mtungi wa gesi." Nikafuta. Ukishampangia mtu matumizi, pesa inageuka kuwa kazi uliyomtuma, na asipoununua mtungi atakuwa anakukwepa kila mkionana. Taja ulichowaza, kisha mwachie mlango wazi. Yeye alinunua mtungi kwa hiari yake, na ndiyo maana ananitumia picha.

Na ndugu zangu, acheni kuomba radhi kwa pesa. "Pokea hiki kidogo," "samahani hali ni ngumu," "ningekuwa nacho ningeongeza." Ukiandika hivyo macho ya mpokeaji yanarudi kwenye noti, anaanza kupima kama kweli ni kidogo. Ukiweka elfu ishirini, andika jiko lako la mkaa na unyamaze kuhusu ukubwa wa noti. Vilevile usiandike "kama mlivyonisaidia nilipofiwa" au "nasi tuna binti anakuja." Hilo ni deni linalipwa au deni linafunguliwa, na watu wanalisoma hivyohivyo hata kama hukukusudia.

Wanaotuma kwa simu, ujumbe wa mtandao unafika na jina lako na kiasi, kama wa mteja yeyote. Usiandike maneno yako papo hapo usiku wa sherehe, yatazama kwenye pongezi mia. Subiri siku tatu au nne, nyumba ikishatulia, kisha mwandikie.

Msomaji mmoja ameniuliza: "Dada, anayeolewa ni mwenzangu wa ofisini, tuna miezi mitano tu pamoja, nitoe wapi kumbukumbu?" Miezi mitano inatosha. Mwandikie: "Siku yangu ya kwanza kazini wewe ndiye uliyenionyesha wapi tunakula mchana. Nakuombea meza yako mpya isikose mtu wa kula naye." Mistari miwili, jina lako, kunja.

Yule mkubwa ana mtoto sasa, anatimiza mwaka mwezi ujao. Bahasha nimeshanunua, na jana usiku nilianza karatasi: "Mwanangu, nilikubeba mgongoni kutoka kliniki siku mvua ilipotukuta njiani, ukalala njia nzima..." Laki mbili ile sitaitaja.