Kabla hujaandika kuhusu treni, panda boti

Ninyi mnaoanza semina ya maadili muhula huu, nawapa kosa langu la mwaka wa kwanza. Niliandika kurasa nne kwamba mifano ya treni inathibitisha kuua ni kubaya kuliko kuacha mtu afe. Mwalimu akazungushia aya moja kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Hapa nani ameachwa afe?"

Mwanafalsafa Philippa Foot alipouleta mfano huo mwaka 1967, mwenye uamuzi alikuwa dereva wa treni isiyoweza kusimama: relini mbele yake wako watu watano, kwenye reli ya pembeni yuko mmoja. Asipokata kona anawagonga watano. Akikata anamgonga mmoja. Kwa hesabu hiyo anachagua kati ya kuua na kuua. Mwanafalsafa mwenzake Judith Jarvis Thomson ndiye aliyemweka mpita njia kwenye wenzo wa kubadilisha reli. Huyu akitulia, ameacha watano wafe. Akivuta, ameua mmoja. Wengi husema avute. Mpandishe darajani, amsukume mtu mnene aangukie relini na kuizuia treni, hao hao wanakataa. Lakini darajani pia ni kuua mmoja au kuacha watano wafe. Kilichobadilika ni kingine: mwili wa mtu umegeuzwa kifaa. Mimi nilikuwa nimetegemea jozi hiyo hiyo, ya wenzo na daraja.

Jozi inayofaa Foot aliitoa mwaka 1984, ya uokoaji kwa gari. Mimi huifundisha kwa boti. Alfajiri uko karibu na Ukerewe, mafuta ya safari moja. Mtumbwi wa dagaa umepinduka, watano wanang'ang'ania ubao. Upande wa pili mmoja anaelea na dumu. Unawafuata watano, mmoja anazama. Inauma, ila hakuna atakayekuita muuaji.

Sasa njia pekee ya kuwafikia watano ni upenyo kati ya mawe mawili, na humo mtu amenaswa na nyavu. Ukisimama kumnasua, watano wamekwisha. Ukipita, boti itampanda. Idadi haijabadilika, mmoja kwa watano, ila hapa mkono unaganda kwenye usukani. Yule wa dumu aliuawa na ziwa. Huyu angeuawa na safari yako. Angalieni lakini: huyu wa nyavuni awe kichwa nje ya maji, anaweza kungoja wenzake. Kama hata mkimwacha naye angezama, hatari haianzi tena na boti yako, na jozi imeharibika.

Msidhani Thomson alibaki na wenzo wake. Mwaka 2008 aligeuka, akasema mpita njia asivute: kama hayuko tayari kujitoa mwenyewe, hana haki ya kumlipisha mwingine.

Muhula uliopita kijana mmoja, baba yake ni mvuvi, aliniuliza: "Na kama boti tayari inawaelekea watano, injini niliiwasha mwenyewe, halafu nikaachia tu usukani?" Nilimwambia aandike insha hiyo. Ameanza na dereva wa Foot.