Jibu: Sh, kg na % kwenye barua pepe ya bei

"Wateja wangu wako Dar na Nairobi. Niandike 16,000/= au Sh 16,000? 50kg au 50 kg?"

Achana na zote mbili kwenye bei. "Sh" na "/=" hazisemi ni shilingi ya nchi gani, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Tanguliza TZS au KES, kisha nafasi, kisha namba:

Saruji, mifuko 200 ya 50 kg
TZS 16,000 × 200 = TZS 3,200,000
Punguzo 5%: TZS 160,000
Jumla: TZS 3,040,000

Kipimo huachiwa nafasi. Asilimia mimi huibana na namba. Kwenye Word na Outlook classic ya Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Space kati ya 50 na kg, la sivyo kwenye simu "kg" huweza kuangukia mstari wa chini.