Odi ya kufungia inakupima kuliko faida ya mwezi

Anayeanza kubeti akipata wiki tatu za ushindi huwa haambiliki, na mikeka ikichanika mwezi mzima anatupa mbinu yake yote. Mara zote mbili ameamua mapema mno. Ninyi mnaoanza, kila mechi jiulizeni hivi: odi niliyoichukua ilikuwa nzuri kuliko ile iliyokuwapo mpira ulipoanza?

Hiyo ya mwisho kabla ya filimbi ndiyo odi ya kufungia. Mwanzoni mwa wiki kampuni hufungua soko kwa tahadhari na hukubali madau madogo tu. Siku zinavyokwenda, wenye hesabu zao na wenye habari za majeruhi wanaweka hela, na odi inasogezwa. Vikosi hutangazwa kama saa moja kabla ya mechi, nayo inasogea tena. Kwa ligi kubwa, kwenye kampuni zinazopokea madau makubwa na kuwavumilia washindi, kama Pinnacle, odi ya dakika za mwisho huwa imeshameza karibu yote yanayojulikana. Ukiipita mara kwa mara, kuna kitu unakiona kabla ya wengine.

Faida ya muda mfupi haiwezi kukuambia hivyo. Chukua mtu anayebeti odi 2.00 na uwezo wake halisi ni kushinda mara 51 kwa 100. Huyo ni mjuzi. Hata hivyo, baada ya beti 100, uwezekano wa yeye kuwa kwenye hasara ni karibu 4 kati ya 10. Baada ya beti 2,500 bado uko kama 15 kwa 100. Mwenzake anayeshinda 47.5 kwa 100, ambaye pesa yake inakwisha taratibu, ana nafasi zaidi ya moja kati ya nne ya kuonyesha faida katika beti 100 za kwanza. Huyu wa pili ndiye anayefungua kundi la kuuza mikeka.

Sababu ni kwamba kila beti inakupa yote au inakunyima yote, kwa hiyo matokeo yanayumba sana. Tofauti kati ya odi yako na ya kufungia huwa asilimia chache tu, juu au chini, ndiyo maana wastani wake unatulia upesi. Beti mia moja au mbili zinatosha kukupa picha.

Sasa hesabu yenyewe. Jumanne umechukua ushindi wa nyumbani kwa 2.20. Soko limefunga: nyumbani 2.00, sare 3.60, ugenini 3.90. Wengi wanagawanya 2.20 kwa 2.00 na kujipongeza kwa asilimia 10. Wamesahau cha juu cha kampuni. Gawanya 1 kwa kila odi, kisha jumlisha: 0.500, 0.278 na 0.256 zinafika 1.034. Hiyo 0.034 iliyozidi ndiyo cha juu. Gawanya 0.500 kwa 1.034 upate 0.4835, yaani nyumbani walikuwa na nafasi ya asilimia 48 na ushee. Zidisha kwa 2.20: 1.064. Ulichopata kweli ni asilimia 6.4. Kwenye jedwali la kompyuta, odi yako ikiwa B2 na zile tatu za kufungia C2 hadi E2, ya chaguo ulilobetia ikikaa C2:

```
=B2*(1/C2)/(1/C2+1/D2+1/E2)-1
```

Andika odi ya kufungia hata kwa beti ulizoshinda. Hapo ndipo watu huacha, kwa kuwa hela imeshaingia.

Kipimo hiki kina mipaka. Ligi ndogo ambazo hakuna anayeweka hela nyingi, odi yake ya mwisho haijui mengi kuliko ya kwanza. Pia usitumie odi ya kampuni ya mtaani inayobana bei ya timu zenye mashabiki wengi. Chukua ya soko kubwa, na iwe ya beti ileile. Ukichukua magoli zaidi ya 2.5 na soko likahamia 2.75, huwezi kulinganisha namba hizo moja kwa moja. Na kampuni nyingi zinakitumia kipimo hikihiki: anayepita odi ya kufungia kila mara hupunguziwa dau hata kama bado yuko kwenye hasara.

Halafu kuna kodi. Tanzania ushindi unakatwa. Tuseme, kwa mfano, inakatwa asilimia 10 ya faida: 2.20 yako inakuwa 2.08, na ukiizidisha kwa 0.4835 unapata 1.006. Ule ubora wa asilimia 6.4 umebaki nusu asilimia. Kwa hiyo weka kwenye B2 odi iliyokwisha kukatwa kodi, ndipo usome jibu.