Modeli ndogo kuiga kubwa: mbona faili haipungui na usahihi washuka?

Swali: "Wadau, nina modeli kubwa (afro-xlmr-large) inayopanga meseji za wateja, iko fiti lakini seva ya GPU inanimaliza. Nikaambiwa nifunze ndogo iige kubwa. Nimechukua xlm-roberta-base nikakata tabaka kutoka 12 hadi 6, faili bado karibu MB 940 na usahihi umeshuka vibaya. Tatizo liko wapi?"

Ndugu yangu hapo una matatizo mawili yamekaa pamoja, wacha tuyatenganishe. Ile modeli kubwa nitaiita mwalimu, na ndogo inayoiga nitaiita mwanafunzi. Mimi nimefanya kitu karibu sawa na hicho kwa ofisi moja hapa Mombasa ya kutoa mizigo bandarini, meseji za WhatsApp za wateja zinagawanywa makundi sita: hali ya mzigo, malipo, karatasi, usafiri, malalamiko na mengineyo. Seva yenyewe ni ile ya bei ya chini, CPU tupu, RAM kidogo.

Tuanze na faili. Hiyo xlm-roberta-base ina tokeni, yaani vipande vya maneno, 250,002 kwenye kamusi yake kwa sababu ilifunzwa lugha mia moja, na kila tokeni ina vekta ya namba 768. Zidisha uone, ni parameta milioni 192 kwenye lile jedwali la embedingi peke yake. Tabaka zote 12 zikijumlishwa ni kama milioni 85 tu, yaani tabaka moja ni milioni 7 na kitu. Sasa wewe umekata tabaka sita, umetoa kama milioni 42 kutoka milioni 278, umebaki na 235 hivi, na kila parameta ikikaa baiti 4 ndio hizo MB 940 zako. Hakuna kitu kimeharibika, umekata tu mahali ambapo uzito haupo.

Lakini usije ukasema basi kukata tabaka ni bure, la. Jedwali la embedingi linakula RAM na diski lakini halili muda, maana kila meseji inachota safu chache tu inazohitaji. Tabaka ndizo zinazokula muda kwa sababu kila tokeni lazima ipite zote. Kwa hivyo kukata tabaka nusu kunakupa kasi karibu mara mbili, na kukata kamusi ndiko kunakupunguzia faili. Ni bili mbili tofauti, jua kwanza ni ipi inayokuumiza.

Kamusi yenyewe inakatwa hivi: unapitisha meseji zako zote kwenye tokenaiza, pamoja na maandishi mengine ya Kiswahili na Kiingereza ili usijifunge na ulichonacho leo, unahesabu tokeni zilizotumika, unabakisha hizo, na tokeni maalum zote, na herufi moja moja zote, na emoji (watu wa kwetu bila emoji hawasemi kitu), kisha unanakili safu zake tu kwenye jedwali jipya. Tuseme umebaki na tokeni 20,000: ukizidisha kwa 768 ni milioni 15, ongeza zile milioni 42 za tabaka sita, jumla milioni 58 hivi. Hiyo ni MB 230, na ukiigeuza int8 mwishoni, yaani baiti moja kwa kila parameta, inakuja karibu MB 58. Baada ya kukata hesabu ni mara ngapi `<unk>`, ile alama ya kipande kisichojulikana, inatokea kwenye meseji ambazo hukuzitumia kuhesabia, ikiwa inaonekana onekana ovyo umekata sana, rudisha. Na usiogope eti kamusi ya mwanafunzi sasa si sawa na ya mwalimu, wala upana wao si sawa, large ni 1024 na huyu ni 768. Wewe unaigiza alama za makundi sita za mwisho, na hizo wote wawili wanazitoa sita.

Haya, usahihi. Hujaeleza mwanafunzi umemfunza na nini, lakini nashuku umempa lebo zile zile za watu ulizomfunzia mwalimu, au umechukua jibu la mwisho la mwalimu ukalifanya lebo. Ukifanya hivyo unatupa kile hasa ulichokuwa unakitafuta. Angalia meseji hii: "kontena ishafika lakini naona storeji yahesabu mbona hamukuniambia". Mwalimu anatoa logiti, yaani alama ghafi za kila kundi, tuchukue tatu za juu tu hesabu iwe nyepesi: malalamiko 6, malipo 3, hali ya mzigo 1. Ukipitisha softimaksi ya kawaida, inayozigeuza asilimia, unapata malalamiko 95%, malipo 5%, hali ya mzigo haifiki hata 1%. Mwanafunzi hapo anasikia "malalamiko" basi. Sasa gawanya kila logiti kwa 3 kwanza, hiyo 3 ndiyo tempricha, halafu upitishe softimaksi: inakuwa 64, 24 na 12. Sasa mwanafunzi anaonyeshwa kwamba hii ni lalamiko, ila ndani yake mna mambo ya pesa na pia anaulizia mzigo. Hii ndiyo mbinu ya Hinton, Vinyals na Dean ya 2015, ingawa wazo la modeli ndogo kufunzwa na majibu ya kubwa lilikuwapo tangu 2006 kwa akina Buciluă na Caruana.

Kodi yake ni fupi tu:

```python
import torch.nn.functional as F

T, a = 3.0, 0.7
laini = F.kl_div(
    F.log_softmax(zs / T, dim=-1),
    F.softmax(zt / T, dim=-1),
    reduction="batchmean") * T * T
ngumu = F.cross_entropy(zs, lebo)
hasara = a * laini + (1 - a) * ngumu
```

`zs` ni logiti za mwanafunzi, `zt` za mwalimu, `T` ndiyo tempricha, na `a` ni uzito unaoipa sehemu ya laini dhidi ya lebo ngumu. Hapo kuna vitu viwili ambavyo havitoi erra yoyote lakini vinakuua kimya kimya. Cha kwanza, ukiacha `reduction` bila kuandika kitu PyTorch inagawanya kwa idadi ya meseji mara idadi ya makundi, kwa hivyo kwa makundi sita sehemu ya laini inakuwa ndogo mara sita kuliko unavyodhani. Cha pili, hiyo T * T. Ukigawanya logiti kwa T gradienti zinapungua kama mara T mraba, ikiwa T ni 3 basi ni kama mara tisa, usipozirudisha lebo ngumu ndizo zinazoendesha gari na mwalimu amekaa tu kama abiria. Vikikutana vyote viwili umefunza modeli ndogo ya kawaida ukaiita ya kuiga. Utajua vipi? Chapisha `laini` na `ngumu` mbali mbali kila hatua mia, na ubadilishe `a` kutoka 0.1 hadi 0.9, kama matokeo hayatikisiki kabisa basi mwalimu hasikiki.

Tena hakikisha mwalimu yuko kwenye `eval()`, la sivyo dropauti inamfanya atoe jibu tofauti kila mara kwa meseji ile ile. Mimi hata simweki mwalimu kwenye mafunzo, nampitisha mara moja kwenye meseji zote, nahifadhi logiti, namzima. Meseji laki mbili mara logiti sita mara baiti nne haifiki hata MB 5, kwa hivyo GPU unakodi masaa tu, si mwezi mzima.

Sasa sehemu ambayo kwangu ilileta tofauti kubwa kuliko tempricha na mambo yote hayo: meseji ambazo hazina lebo. Mwalimu hahitaji mtu amwekee lebo, kwa hivyo zile meseji zote za zamani zilizolala kwenye bekapu ni shule. Kwa hizo unatumia `laini` peke yake. Na hapa niseme wazi, kwa makundi machache kama yetu alama laini zenyewe hazibebi habari nyingi sana, ukiwa na makundi mawili tu ni namba moja basi, kwa hivyo faida nyingi inatoka kwenye wingi na aina ya meseji. Kabla ya hapo safisha: namba za simu, za kitambulisho, na namba za kontena (herufi 4 na tarakimu 7) zigeuze neno moja moja la kusimamia. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria mwanafunzi hana haja ya kukariri kontena ya mtu. Toa meseji zinazojirudia, na gawanya data ya majaribio kwa mteja wala si kwa meseji, kwa sababu mteja mmoja huandika kitu kile kile mara kumi na ukichanganya utajiona bingwa.

Ubaya wake ni kwamba mwanafunzi anaiga na makosa pia. Mwalimu wetu alikuwa hazielewi vizuri meseji za watu wa hapa hapa, "wafika lini", "hamunijibu", pamoja na ule ufupisho wa "2mefika" na "xaxa", akizitupa kwenye mengineyo kwa ujasiri kabisa. Ukimpa mwanafunzi meseji elfu nyingi za namna hiyo unapigilia kosa msumari. Tulichofanya ni kuchukua zile ambazo mwalimu mwenyewe alikuwa anasita, na nyingine za bahati nasibu kutoka mengineyo, dada mmoja wa dawati la wateja akaziwekea lebo, mwalimu akafunzwa upya kwanza, ndipo tukatoa logiti tena. Kuanza na mwanafunzi hapo ni kupoteza muda.

Ukipima usiangalie usahihi wa jumla peke yake. Funza mwanafunzi yule yule, tabaka sita zile zile, bila mwalimu kabisa, ndio upate cha kulinganisha, maana wengi wanasifia kuiga kumbe hata bila mwalimu wangefika hapo hapo. Halafu tazama kundi kwa kundi. Malalamiko ni machache kwa hivyo yanaweza kuporomoka na jumla isionyeshe kitu, na hayo ndiyo mwenye ofisi anayoyajali. Tena kama una kizingiti, mathalan chini ya 0.8 meseji inaenda kwa mtu, usikihamishe kutoka kwa mwalimu hivi hivi. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa alama zilizolainishwa ujasiri wake si ule ule, kipange upya kwa data ya majaribio.

Kuhusu tabaka za kubakisha, nakili 0, 2, 4, 6, 8 na 10 kutoka kwa base. DistilBERT ya 2019 nayo ilianza kwa kuchukua tabaka moja na kuruka moja, wakapata modeli ndogo kwa 40% iliyobakisha 97% ya uwezo wa BERT kwenye vipimo vya GLUE. Lakini hicho ni Kiingereza, na walifunza upya kwa maandishi mengi mno, usitegemee kwa meseji zako ikae hivyo hivyo. Na usianze na afro-xlmr-large ukakata hadi sita, chukua afro-xlmr-base badala ya hiyo xlm-roberta-base yako, yenyewe imeshaongezewa mafunzo ya lugha za Afrika na Kiswahili kimo.

Anza na hiyo `reduction` kwanza, ni dakika mbili kuangalia. Kisha ujaribu meseji zisizo na lebo, kamusi ukate mwisho wakati usahihi ushatulia, ndio ukiona umeshuka ujue ni nini kimeushusha. Ukipata matokeo ya kundi kwa kundi yaweke hapa tuyaone, na useme T uliyotumia.