Mdogo wangu, loti huja mwisho

Mdogo wangu, ile voisi yako ya Alhamisi nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa nimekwama kwa matatu pale Jogoo Road, na nikaona kujibu kwa simu hakutoshi. Unasema umeweka dola 6,000 hapo Doha, miaka minne ya kufungua duka la watu alfajiri, na sasa unataka kuziingiza zote kwa forex, uanze na loti moja, ile saizi ya treidi, ya EURUSD, yaani yuro dhidi ya dola ya Marekani, kwa sababu yule kijana unayemfuata anatumia loti moja. Hukuniuliza kama ni sawa, umeniuliza tu broka gani. Acha nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia.

Unakumbuka Juni 2019 niliposema ile pesa ya ploti ya Joska imekwama kwa wakili? Haikukwama kwa wakili yeyote. Nilikuwa na dola 3,200 kwa akaunti, nusu yake ilikuwa ya ile ploti. Jumatano tarehe 19, benki kuu ya Marekani ilikuwa inatangaza riba saa tatu usiku ya kwetu, na mimi nikauza dhahabu loti moja nikitegemea itashuka, karibu na 1,347, bila stopu, ile oda ya kufunga treidi yenyewe bei ikienda kinyume. Nilikuwa nimeshinda wiki mbili mfululizo na nikajiona nimeshaijua dhahabu. Sasa sikiza vile dhahabu hufanya hesabu: loti moja ni aunsi 100, kwa hivyo bei ikisonga dola moja tu, wewe umesonga dola 100. Benki ikaacha riba ilipokuwa lakini ikaashiria itapunguza, dhahabu ikapanda. Ilipofika 1,358 nilikuwa chini dola 1,100. Hapo ndipo mtu hufunga akaenda kulala. Mimi nikaongeza loti nyingine, nikijiambia ikirudi kidogo tu natoka salama. Sasa kila dola moja ilikuwa inanikata 200. Nilikaa kitandani taa imezimwa, simu kwa kifua, nikiangalia ile namba nyekundu ikiongezeka, na kabla ya adhuhuri ya kesho broka akawa ameshanifungia kila kitu kwa nguvu kwa sababu dhamana imeisha. Zilibaki dola mia tatu na kitu. Mama alinipigia asubuhi hiyo kuuliza kama nimefika kwa wakili nikamwambia ndio. Hiyo ndio inaniuma mpaka leo, kuliko pesa yenyewe.

Watu husema nilikosea upande. Kukosea upande ni kawaida, hata leo nakosea karibu nusu ya treidi zangu na bado nalipa kodi ya nyumba kwa hii kazi. Kosa lilikuwa saizi. Nilichagua loti kwanza, nikaangalia soko baadaye. Wewe pia umeanza hapo, na loti huja mwisho.

Sasa tufanye ya kwako. Kwanza, 6,000 haziingii zote. Weka 1,500, zile zingine ziache benki huko huko, na usimpe mtu nywila. Halafu amua ni pesa ngapi uko tayari kupoteza kwa treidi moja. Mimi nakuambia asilimia moja, yaani dola 15, kama riali 55 hivi. Najua utacheka. Lakini fikiria ukipoteza mara kumi mfululizo, na itakufikia, mimi imenifikia zaidi ya mara moja na nilikuwa nafuata kila kitu sawasawa. Ukiwa unaweka asilimia moja kila mara, zile 1,500 zitakuwa zimebaki kama 1,357, unakunywa chai unaendelea. Ukiwa unaweka asilimia kumi, zimebaki kama 523, na ili urudi pale ulianzia lazima hizo 523 uzizidishe karibu mara tatu. Hapo ndipo watu huanza kukopa kwa simu.

Ya pili ni stopu, na stopu haiwekwi kulingana na pesa yako. Inawekwa pale ambapo chati ikifika utakubali ulikosea, chini ya ile bei ambayo soko limekuwa likigeukia. Tuseme umenunua EURUSD na hiyo sehemu iko pipsi 30 chini yako. Pipsi ni ile namba ya nne baada ya nukta kwa bei, na loti moja ya EURUSD ni dola 10 kwa kila pipsi. Basi hesabu ni hii tu:

```
loti = pesa ya kupoteza / (pipsi za stopu x 10)
loti = 15 / (30 x 10) = 0.05
```

Hiyo 0.05 ndiyo saizi yako. Kama chati inataka stopu ya pipsi 60, inatoka 0.025, unaandika 0.02, unashusha chini kila wakati, hupandishi. Ona vile stopu ikienda mbali loti inapungua na hasara haivuki 15. Ile loti moja ya huyo kijana, kwa stopu hiyo hiyo ya pipsi 30, ingekukata dola 300, asilimia 20 ya akaunti, kwa treidi moja. Yeye labda ana akaunti kubwa, labda ni ya mazoezi, hujui, na hatakuambia.

Dhahabu nayo, XAUUSD, nakuomba uiache kwanza, na sio kwa sababu iliniumiza. Ni hesabu. Saizi ndogo kabisa kwa mabroka wengi ni 0.01, na hapo dola moja ya bei ni dola moja yako. Chati ikitaka stopu ya dola 20, na kwa dhahabu hiyo si mbali, tayari umevuka 15 zako hata kabla hujaanza. Treidi kama hiyo unaiacha ipite. Usisogeze stopu karibu ndio hesabu ikubali, kwa sababu itakatwa na mtikisiko wa kawaida halafu bei iende ulikosema, na utalia bure.

Kitu kingine ambacho kilinichukua muda kuona: ukinunua EURUSD na GBPUSD, ile ya pauni, siku moja, usidhani ni treidi mbili za dola 15. Zote mbili unauza dola ya Marekani, na dola ikipata nguvu zinaanguka pamoja, kwa hivyo umeweka 30 kwa wazo moja. Gawanya zile 15 kati yao.

Na stopu yenyewe si ukuta. Januari 15, 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa kiwango cha 1.20 ilichokuwa inalinda kati ya yuro na faranga, bei ikaruka, na watu waliokuwa na stopu zilizowekwa vizuri wakafungiwa mbali sana na pale walipoziweka, wengine wakabaki na deni kwa broka. Hii ndio sababu sibaki na treidi kubwa Ijumaa jioni, soko likifungwa na Jumatatu likifunguka bei ikiwa imeruka, stopu hukatwa pale bei ilipo, si pale ulipoomba.

Sasa usiweke pesa bado. Chukua daftari, fungua akaunti ya mazoezi ya 1,500, sio ile ya 100,000 wanayokupa. Kwa kila treidi andika pesa ya kupoteza, pipsi za stopu, halafu loti, kwa huo mpangilio. Zikifika 30 nipigie picha kurasa zote unitumie Wasap, hata zile za hasara, hasa zile za hasara, niangalie tu kama kuna mahali loti iliandikwa kwanza. Ya broka tutaongea hapo. Na ile ya ploti, mama nitamwambia mwenyewe Jumapili nikienda, usimtangulie.