Tovuti yangu ya kwanza kabla ya usaili, na mfumo wa madeni wa shangazi

Wadogo zangu mlio mwaka wa mwisho, kati ya mtihani wangu wa mwisho na usaili wangu wa kwanza kulikuwa na wiki tatu. Tangazo la kazi lilimtaka mwombaji aambatanishe linki ya kazi zake, na mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na folda kwenye laptopu, yenye mazoezi ya darasani na mradi mmoja wa kweli: mfumo wa kurekodi madeni niliomtengenezea shangazi yangu mwenye duka la rejareja Mbagala.

Usiku wa kwanza nilichukua tempuleti ya bure nikaijaza kazi sita. Kikokotoo kilikuwemo, orodha ya mambo ya kufanya ilikuwemo, ukurasa wa hali ya hewa pia. Chini nikaweka mistari ya ujuzi: HTML asilimia 90, PHP asilimia 80. Kaka mmoja aliyetutangulia chuoni, ambaye kazini kwake hukaa kwenye jopo la usaili, aliipitia kisha akaniuliza, "Hiyo asilimia 10 ya HTML usiyoijua ni ipi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia kwa upole kwamba vikokotoo anaviona kila msimu wa maombi, vingi vimetoka kwenye somo lile lile. "Lakini duka la shangazi yako sijawahi kuliona. Hebu nieleze hilo."

Nikafuta kazi tano na ile mistari ya asilimia. Ikabaki moja, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Maelezo yangu ya kwanza yalisema mfumo umetengenezwa kwa PHP na MySQL, una sehemu ya kuingia, ya kuongeza mteja na ya kurekodi malipo. Yule kaka akasema nimemwandikia orodha ya vitufe. Alichotaka kujua ni mahali mfumo ulipokwama na nilichoamua kufanya. Kwa kweli ulikwama, tena vibaya, ila mimi nilidhani jambo la namna hiyo hufichwa.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni kila mteja alikuwa na safu moja ya salio kwenye databesi. Akikopa naongeza, akilipa napunguza. Siku moja mteja aliyedaiwa shilingi 30,000 alilipa 12,000. Mtandao ulikuwa mzito, shangazi akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, akaona kimya, akabonyeza tena. Mfumo ukapunguza mara mbili, salio likasoma 6,000 wakati daftari lake la karatasi lilisema 18,000. Kibaya zaidi, hapakuwa na njia ya kujua kosa limeingia wapi, kwa sababu nilihifadhi jibu la mwisho tu, hesabu yenyewe haikuwepo.

Nikabadilisha. Badala ya kuhifadhi salio, nikahifadhi kila muamala kwenye mstari wake, mkopo ukiwa namba chanya na malipo yakiwa hasi. Salio likawa linakokotolewa kila linapohitajika:

```sql
SELECT SUM(kiasi) FROM miamala WHERE mteja_id = 14;
```

Hilo peke yake halizuii kubonyeza mara mbili, bali linafanya kosa lionekane: unaona malipo mawili ya 12,000 yaliyopishana sekunde chache. Kuzuia kwenyewe kulitokana na kuipa kila fomu namba yake ya pekee inapofunguliwa, na databesi kukataa namba iliyokwisha kuingia. Niliandika hayo yote kwa aya nne kwenye ukurasa wa mradi, pamoja na zile tarakimu. Kama una kazi moja ya darasani na moja uliyomfanyia mtu anayeitumia, iandike ya pili hata kama sura yake haipendezi. Mtu anayeitumia ndiye anayekuletea makosa yenye mafunzo.

Baada ya hapo nikakutana na ukuta ambao wengi wenu mtakutana nao. Nilitaka kuweka tovuti kwenye GitHub Pages kwa kuwa ni bure: unatengeneza ripo yenye jina `jinalako.github.io`, unaweka ndani yake faili la `index.html`, na baada ya dakika chache ukurasa uko hewani. Ila huduma hiyo hutoa faili jinsi lilivyo, haiendeshi PHP wala haina MySQL. Mfumo wa shangazi, uliokuwa ukifanya kazi vizuri kwenye XAMPP ya laptopu yangu, usingeweza kuishi pale. Nilipoteza siku mbili kabla ya kulielewa hilo. Suluhisho halikuhitaji seva ya kulipia: ukurasa ukawa wa HTML na CSS tu, ukiwa na yale maelezo, picha za skrini, video ya dakika moja inayoonyesha malipo yakirekodiwa, na linki ya msimbo.

Kwenye picha za skrini nilifanya kosa ambalo hadi leo linanifanya niwe makini. Nilipiga picha mfumo wenyewe wa dukani, nikapandisha. Shangazi alipoziona hakusema neno kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa wateja wangu wanajua kwamba madeni yao yanasomwa na watu?" Majina yalikuwepo, namba za simu zilikuwepo, na kiasi anachodaiwa kila mmoja. Mtu anakopa sukari na mchele kwa kuaminiana, halafu mimi nimeyaanika mambo yake ili nipate kazi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, swali la shangazi lingenitosha.

Jueni pia kwamba kufuta picha kwenye ripo hakuiondoi. Git hutunza historia, na yeyote anaweza kurudi nyuma akaitoa. Ndivyo ilivyo pia kwa nenosiri la databesi, ambalo mimi nililiacha ndani ya `config.php`. Kwa kuwa ripo zangu zilikuwa changa, nilizifuta kabisa, nikabadilisha nenosiri, nikajaza databesi majina na namba za kubuni, nikapiga picha upya, ndipo nikaanza ripo mpya.

Basi ikafika siku ya kuonyesha. Kwenye laptopu kila kitu kilikuwa sawa. Nikamtumia rafiki yangu linki kwa WhatsApp, akajibu kwamba maandishi anayaona ila picha hazipo, na herufi ni ndogo kama za karatasi ya dawa.

Picha kwanza. Faili langu liliitwa `Malipo.JPG`, na kwenye ukurasa nilikuwa nimeandika `malipo.jpg`. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo nyumbani picha ilifunguka. Seva ya GitHub inajali, kwake hayo ni majina mawili tofauti. Namna ya kutambua ni kufungua anwani ya picha yenyewe kwenye kivinjari: ukipata 404, nenda kwenye ripo ulinganishe jina herufi kwa herufi. Na mkibadilisha jina kwenye folda ya Windows, mara nyingi Git haioni kilichobadilika ikiwa ni ukubwa wa herufi tu. Mwambieni Git mwenyewe:

```
git mv Malipo.JPG malipo.jpg
```

Tangu siku ile majina yangu yote ya faili ni herufi ndogo, bila nafasi katikati.

Herufi kuwa ndogo kulitokana na mstari mmoja uliokosekana. Tempuleti ilikuwa nao, ila nilipoitupa nikaandika ukurasa wangu kwa mkono nikausahau. Bila huo, kivinjari cha simu huuchukulia ukurasa kuwa wa skrini pana ya kompyuta, kisha huubana wote uingie kwenye kioo cha simu:

```html
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
```

Huwekwa ndani ya `<head>`. Niliuweka, nikasubiri dakika chache, rafiki yangu akafungua tena na maandishi yakasomeka. Safari hii akalalamikia uzito: picha zilikuwa zinashuka polepole kama pazia. Nilikuwa nimeweka picha tatu za meza ya shangazi na daftari lake, nilizopiga kwa simu, kila moja ina upana wa pikseli 4,000 na uzito wa karibu megabaiti 4. Nilidhani nimezipunguza kwa kuandika `width="300"`. Hapana. Hiyo hupunguza nafasi ambayo picha inachukua kwenye kioo, lakini faili zima bado linashuka na bando la msomaji linakwenda. Nikazifungua kwenye GIMP, nikapunguza upana hadi pikseli 1,080, nikazihifadhi kama JPEG kwa ubora wa 75. Zote tatu kwa pamoja hazikufika nusu megabaiti, na kwa jicho sikuona tofauti.

Hivyo msiseme mmemaliza kabla hamjaifungua kwenye simu ya mtu mwingine, kwa bando, mkiwa nje ya vaifai ya chuo. Simu yako wewe imeshatunza nusu ya ukurasa, haiwezi kukwambia kweli.

Siku ya usaili nilikuta watu watatu. Mama aliyekaa katikati hakuwa na kompyuta, alifungua linki yangu kwenye simu yake pale pale mezani, akawa anasoma huku akisukuma kwa kidole gumba. Nilisimuliwa baadaye kwamba wengine waliulizwa maswali ya kukariri. Mimi niliulizwa kuhusu ile aya ya salio.

"Kama shangazi yako na msaidizi wake wanarekodi malipo ya mteja mmoja kwa wakati mmoja, kwenye simu mbili, mfumo wako wa zamani ungefanya nini?"

Sikuwa nimeliandika hilo, ila nilikuwa nimekaa na tatizo lenyewe kiasi cha kuliona jibu. Nikachukua kalamu. Wote wawili wanasoma 30,000. Mmoja anatoa 12,000 na kuandika 18,000. Mwingine anatoa 5,000 kutoka kwenye ile 30,000 aliyoisoma mwanzo na kuandika 25,000. Anayeandika mwisho anafuta kazi ya mwenzake, na malipo ya 12,000 yanapotea. Kwenye mfumo mpya kila mmoja anaongeza mstari wake, hakuna anayemfuta mwenzake, na jumla inakuja 13,000.

Akaniuliza itakuwaje siku mteja mmoja akifikisha miamala laki moja, kujumlisha yote kila mara hakutachelewesha? Nikamwambia kwa duka la Mbagala sijafika huko, ila ningefunga hesabu kila mwisho wa mwezi, nikahifadhi salio la mwezi kama mstari mmoja, kisha nikajumlisha yaliyofuata tu. Akageukia wenzake, akaandika kitu.

Jioni nilipofika nyumbani, kabla sijavua hata viatu, nilifungua laptopu nikaongeza aya ya tano kwenye ukurasa wa mradi, ile ya simu mbili.